Kina cha Jeraha Huamuliwa Kabla Kisu Hakijateleza

Mwezi Mei 2017, Simon Eccles, daktari wa upasuaji katika Hospitali ya Chelsea na Westminster mjini London, alitoa pendekezo lililoenea magazetini dunia nzima: maparachichi yanayouzwa madukani yabandikwe karatasi ya onyo. Kila wiki alikuwa akipokea watu waliojikata kiganja wakiandaa tunda hilo. Marekani nako, watafiti waliopitia kumbukumbu za vyumba vya dharura vya hospitali kuanzia mwaka 1998 hadi 2017 walikadiria kwamba watu zaidi ya 50,000 walitibiwa majeraha ya kisu yaliyotokana na parachichi. Wengi wao walikuwa wanawake, na mkono ulioumia mara nyingi ulikuwa wa kushoto.

Ajabu ya takwimu hizo ni kwamba parachichi lililoiva ni laini kuliko karibu kila kitu kinachokatwa jikoni. Mtu angetarajia watu wakatwe na malenge au na mfupa wa ng'ombe. Jibu liko katika namna tunda linavyoshikwa. Mpishi huliweka kwenye kiganja cha kushoto, huzungusha kisu hadi kigote kokwa, hugawa vipande viwili, kisha huchoma kokwa kwa ncha ili aing'oe. Ncha ikiteleza juu ya kokwa, au ikiipasua na kutokea upande wa pili, nyuma yake kuna nyama laini ya tunda ambayo haizuii chochote, na baada ya hapo kuna kiganja. Nguvu yote iliyokusudiwa kokwa inaishia mkononi.

Tunda hilo moja linatosha kueleza majeraha mengi mabaya ya jikoni. Mambo matatu yanakutana kwa wakati mmoja: kisu kinasukumwa kwa nguvu kubwa kuliko inayohitajika, kitu kinachokatwa hakijatulia, na mkono wa pili uko kwenye njia ya makali. Likikosekana moja kati ya hayo, mara nyingi mtu huishia na mchubuko wa kufunga kwa plasta. Yakikutana yote, kina cha jeraha kimeshaamuliwa kabla kisu hakijateleza, kwa sababu mtu hawezi kuirudisha nyuma nguvu ambayo bega na mkono vimekwisha kuitoa.

Kinachofanya kiganja na vidole viwe mahali pabaya pa kukatwa ni wembamba wa kinga yake. Kwenye mikunjo ya kidole, upande wa ndani, kutoka juu ya ngozi hadi kwenye kano ni milimita chache tu. Kila kidole, ukiacha gumba, kina kano mbili za kukikunja: moja hukunja kiungo cha katikati, nyingine huendelea hadi kukunja ncha. Kandokando ya kidole hupita neva mbili, moja kila upande, zikifuatana na mishipa ya damu. Hakuna misuli ndani ya kidole. Misuli inayovuta kano hizo iko mkononi, chini ya kiwiko, na ndiyo maana kano ikikatwa, kipande chake cha juu hujivuta na kurudi kuelekea kiganjani, kama kamba ya ndoo iliyokatika kisimani.

Sterling Bunnell, Mmarekani aliyetangulia wengine katika upasuaji wa mkono, alilipa jina la ardhi isiyo ya mtu eneo linaloanzia kiganjani karibu na mzizi wa vidole hadi katikati ya kidole. Hapo kano zote mbili hupita ndani ya ala moja nyembamba, na katika siku zake kano zilizoshonwa humo zilishikana na ala, kidole kikabaki kigumu. Katika miaka ya 1960 Harold Kleinert na wenzake wa Louisville, Kentucky, walionyesha kwamba kano zinaweza kushonwa mapema na kidole kikafanyishwa mazoezi ya uangalifu mara baada ya upasuaji. Matokeo ni bora sana leo, lakini bado ni safari ndefu: mkono huwekwa kwenye gango kwa wiki kadhaa, na kazi nzito husubiri takriban miezi mitatu. Fundi cherehani, msusi, au mama anayefua kwa mikono anajua maana ya miezi mitatu.

Turudi basi jikoni kwetu, maana Afrika Mashariki mazoea ya kukatia mkononi yana mizizi mirefu kuliko parachichi la London. Nyanya hukatwa juu ya sufuria ikiwa kiganjani, kisu kikivutwa kuelekea gumba. Kitunguu vivyo hivyo. Viazi humenywa na kukatwa vipande hewani, kimoja kimoja, vikidondokea kwenye beseni la maji. Nyumba nyingi zina kibao cha mbuzi cha kukunia nazi lakini hazina kibao cha kukatia, na mapishi huandaliwa mtu akiwa ameketi kwenye kigoda, miguu wazi, mapaja yakiwa ndiyo meza.

Kuyalaani mazoea haya yote kwa pamoja si haki, na wala haisaidii. Mtazame muuza mboga wa sokoni anavyokata sukuma wiki. Huyapanga majani, huyakunja kwa nguvu yawe mviringo mmoja mnene, huyabana kwa ngumi ya kushoto, kisha kisu chembamba kinapita mbele ya ngumi kikinyoa majani membamba kama nyuzi. Kila baada ya mapigo machache ngumi inarudi nyuma kidogo. Anaongea na mteja, anahesabu chenji, na mkono haukosei. Siri yake si ujasiri. Kisu chake amekinoa asubuhi na atakinoa tena mchana. Kimelika kwa kunolewa hadi kimekuwa chembamba. Majani hayana ugumu wa kumlazimisha asukume. Mwendo wa kisu ni mfupi na uleule kila mara, na makali hupita mbele ya vidole, hayaelekei ndani yake. Kati ya yale mambo matatu, yeye ameondoa mawili.

Hatari huanza pale ushikaji huohuo unapohamishiwa kwenye kitu kingine na kisu kingine. Binti wa nyumbani aliyejifunza kukata mboga hewani hushika kiazi kikuu, muhogo au kipande cha malenge kwa namna ileile, mkononi ana kisu butu cha mpini wa plastiki. Kisu hakiingii. Anaongeza nguvu. Kinaingia nusu na kukwama. Anakitikisa, anasukuma tena, na mara kile kipande kinaachia ghafla. Kila aliyepika anaijua ile sekunde ya kuachia, na kidole gumba ndicho kinachoipokea.

Kwa hiyo mpaka wa busara ni huu: kitu laini, kisu kikali, na mwendo usioelekea kidoleni, mkono unaweza kustahimili kwa mtu mzoefu. Chochote kinachohitaji kusukumwa lazima kikae chini. Kibao cha mbao au cha plastiki kinatosha, na chini yake kitandazwe kitambaa kilicholowanishwa na kukamuliwa ili kisitambae mezani. Asiye na meza anaweza kukiweka juu ya stuli au ndoo iliyopinduliwa, mradi kisicheze. Sahani ya kauri, mfuniko wa sufuria na sakafu ya saruji havifai, kwani huua makali kwa siku moja, na makali yakifa, nguvu inarudi.

Kitu cha mviringo kikiwekwa kwenye kibao bado kinabiringika, na hapo ndipo wengi hukata tamaa na kukirudisha kiganjani. Dawa ni kukipatia uso bapa mapema iwezekanavyo. Kitunguu hupasuliwa kati kutoka kikonyo hadi mizizi, nusu zikalazwa, na baada ya hapo hakiendi popote. Kiazi huondolewa ubamba mmoja mwembamba upande wa chini, kikakalia hapo. Malenge hukatwa kikonyo kwanza, likasimamishwa kwenye sehemu iliyokatwa, kisha kisu kikazamishwa karibu na katikati na kushushwa taratibu. Kisu kikikwama kwenye malenge, kivutwe kirudi kilikotoka; kukigonga kwa nyundo au kukipindapinda ndiko kunakokirusha pembeni.

Mkono wa kushoto nao una pozi lake. Ncha za vidole hurudishwa ndani, kama paka aliyekunja makucha, gumba likijificha nyuma yake, na ubapa wa kisu huegemea vifundo vya katikati. Kisu kinapanda na kushuka kikisugua vifundo, ilhali ncha za vidole ziko nyuma ya ukuta huo. Masharti ni mawili. Makali yasiinuliwe juu ya vifundo, na anayekata asikimbie. Kasi ya wapishi wa televisheni ni matunda ya miaka, na haina faida yoyote kwa mtu anayekata vitunguu vitatu. Mkono wa kulia, badala ya kushika mwisho wa mpini na kunyoosha kidole cha shahada juu ya mgongo wa kisu, ubane bapa la kisu kwa gumba na shahada pale linapokutana na mpini. Ushikaji huo hukizuia kisu kisipinduke ubavuni.

Parachichi lenyewe, kwa kuwa ndilo lililotufikisha hapa, halihitaji ujasiri wowote. Lilazwe kwenye kibao, kiganja kiwe bapa juu yake, kisu kiingie kutoka ubavuni kikiwa sambamba na kibao hadi kiguse kokwa. Kisha tunda lizungushwe huku kisu kikibaki palepale. Vipande vikisokotwa vinaachana. Kokwa hutolewa kwa kijiko. Ikigoma, nusu yenye kokwa irudishwe kwenye kibao, ikatwe mara mbili tena, na kokwa itaondoka kwa vidole. Ncha ya kisu haina kazi yoyote hapo.

Nazi ina mantiki ileile. Anayeipasua kwa makali ya panga anategemea shabaha. Anayetumia mgongo wa panga, akiigonga kuzunguka kiunoni na kuigeuza kidogo baada ya kila pigo, anategemea mlio: kifuu kikipata ufa, sauti hubadilika kutoka kali kuwa nzito, na maji huanza kuvuja. Hapo pigo moja jepesi linamaliza. Mgongo wa panga ukiteleza utaacha uvimbe. Makali yakiteleza yataacha kitu kingine.

Zaidi ya vyote kuna nyama iliyoganda. Friza zimeingia katika nyumba nyingi za mijini, na pamoja nazo limeingia jeraha jipya: mtu anatoa bonge la nyama lililoshikana, anataka robo tu ya bonge lile, anachomeka ncha ya kisu kwenye ufa na kukitumia kama mtaimbo. Barafu inateleza, mkono wa kushoto umekufa ganzi kwa baridi, na nguvu inayotumika ni ya mwili mzima. Hakuna namna salama ya kufanya kazi hiyo kwa kisu. Usalama hutengenezwa siku nyama inaponunuliwa: igawanywe kwa kiasi cha mlo mmoja, ifungwe bapa kwenye mifuko, na isipangwe juu ya nyingine kabla haijaganda. Lililokwisha kuganda bonge liwekwe kwenye mfuko usiopitisha maji, likazamishwa kwenye maji baridi yanayobadilishwa kila nusu saa. Pakiti ya nusu kilo itaachia ndani ya saa moja hivi.

Hadi hapa imesemwa mara kadhaa kwamba kisu butu ni hatari, na wapo wanaoudharau msemo huo kwa sababu kila aliyekatwa anajua amekatwa na makali. Hoja yao ina ukweli nusu. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani waliopima mikono ya wakata nyama kazini walikuta kwamba kisu kikali hupunguza nguvu ya kukibana na nguvu ya kukatia. Hiyo ndiyo faida yake: nguvu ikiwa ndogo, mwendo husimamika kirahisi, na hata kisu kikiteleza hakifiki mbali. Lakini kisu kikali hakimbagui anayekigusa kwa bahati mbaya. Kikiwa chini ya povu la vyombo au ndani ya droo iliyojaa vijiko, ukali wake ni hasara tupu. Kunoa bila kujua pa kukiweka ni kazi nusu.

Kunoa kwenyewe kunahitaji jiwe moja la kawaida, kinoo chenye pande mbili, upande wa chenga na upande laini, kile kinachouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Tuchukue kisu cha jikoni cha kawaida, chuma kisichoshika kutu, bapa lenye upana wa sentimita nne na nusu, ambacho kimefikia hatua ya kuiponda nyanya badala ya kuikata. Kinoo kikae juu ya kitambaa kibichi na kimwagiwe maji yenye tone la sabuni. Kisu kilazwe upande wa chenga, kisha mgongo wake uinuliwe kama sentimita moja na nusu, takriban upana wa ncha ya kidole kidogo. Kwa kisu cha upana huo, hapo makali yamekaa kwenye pembe ya nyuzi 20, ambayo chuma cha bei nafuu huivumilia vizuri. Pembe ndogo zaidi itatoa makali matamu yatakayopinda baada ya vitunguu kumi.

Vidole viwili vya kushoto vikandamize bapa kwa wepesi, mbali na makali, na kisu kisukumwe na kuvutwa juu ya jiwe, kikihamishwa polepole kutoka kisigino hadi ncha. Kosa la karibu kila anayeanza ni kuyumbisha mgongo, mara juu, mara chini, hivyo makali yanaviringika badala ya kuchongeka. Yapo maelekezo mengi ya idadi ya mapigo, na yote ni ya kubahatisha, kwa kuwa chuma chenyewe kinatoa taarifa. Pale jiwe linapofika kabisa kwenye ukingo, uzi mwembamba wa chuma hukunjika kuelekea upande wa pili. Hauonekani kirahisi, ila gumba likitolewa mgongoni na kupitishwa kwenda nje ya makali, kamwe si kufuata urefu wake, litahisi kitu kama mkwaruzo. Uzi huo ukihisika kuanzia kisigino hadi ncha, upande huo umekwisha. Usipohisika mahali fulani, hapo bado, hata kama mtu amepitisha kisu mara mia.

Kisu kigeuzwe, kazi irudiwe upande wa pili hadi uzi uhamie kule ulikotoka. Kisha jiwe lipinduliwe upande laini, na mapigo yawe mepesi, moja huku, moja kule, ili uzi ule udhoofike na kukatika. Wanaouacha hujidanganya: siku ya kwanza kisu kinakata ajabu, siku ya pili uzi umelala juu ya ukingo na kisu ni butu tena. Mwisho kabisa kisu kivutwe mara kadhaa juu ya mkanda wa ngozi, mgongo ukitangulia na makali yakifuata nyuma. Kisha kishikwe chini ya taa, makali yakitazama juu. Ukingo mkali hauonekani. Palipo butu pana mstari mdogo unaong'aa. Nyanya inamaliza ubishi, kwani kisu kilichonoleka hupasua ngozi yake kwa kuvutwa tu, bila kukandamizwa.

Wengi hunoa kwenye ngazi ya saruji au kitako cha kikombe cha kauri. Kitako kisicho na rangi ya kung'aa ni msaada wa dharura unaofaa, kwani kauri hiyo ni ngumu kuliko chuma na chembe zake ni laini kiasi. Saruji ni jambo jingine. Mchanga uliomo hutafuna ukingo bila mpangilio na kuacha meno yasiyolingana, yanayokamata kitu na kuachia ghafla.

Mnoa visu wa mtaani, mwenye jiwe la kuzungushwa kwa pedali za baiskeli, hufanya kwa dakika tatu kazi ya nusu saa, na kwa kisu kilichomeguka huyo ndiye wa kumtafuta. Jambo la kuangalia ni joto. Cheche zikiwa nyingi na kisu kikibanwa muda mrefu mahali pamoja, ukingo hupata rangi ya manjano iliyokolea, kisha samawati. Samawati maana yake chuma kimefika karibu nyuzi joto 300 za Selsiasi, na sehemu hiyo imelegea. Italika upesi kila mara hadi itakaponolewa na kuisha. Mnoaji mzuri hugusisha kidogo, huinua, huchovya kwenye kopo la maji. Asiyekuwa na kopo la maji aombwe apate moja. Kisu kikirudi nyumbani kipitishwe upande laini wa kinoo, maana jiwe la kuzunguka huacha uzi mnene.

Na nyumba nzima iambiwe kwamba kisu kimenolewa. Mkono uliozoea ubutu una kumbukumbu ya nguvu, na siku za mwanzo huendelea kusukuma vilevile kitu ambacho sasa hakihitaji kusukumwa.

Kikishamaliza kazi, kisu kina sehemu mbili tu salama: mkononi mwa anayekitumia, au mahali pake. Gilasi ya vijiko si mahali pake, hasa kikisimama ncha juu katikati ya miiko. Droo ya wazi nayo si mahali pake, kwani mkono huingia kutafuta kijiko bila macho kutangulia. Asiye na kishikio cha mbao au cha sumaku anaweza kutengeneza ala kwa dakika tano: kipande cha boksi gumu kinachozidi kisu kwa sentimita mbili kila upande, kikunjwe katikati, mkunjo uwe upande wa makali, kibandikwe kwa gundi ya utepe mgongoni na kwenye ncha. Ala hiyo ikilowa itupwe, itengenezwe nyingine. Kwenye nyumba ya watoto, ala pekee haitoshi. Kisu kiwekwe juu wasikofika, na kisiachwe ukingoni mwa meza ambako mkono mdogo hupapasa bila kuona.

Kuosha kuwe peke yake. Kisu hakizamishwi kwenye beseni na sahani, hata kwa dakika moja, kwa kuwa anayekuja kuendelea na vyombo hajui kimo. Kishikwe mpini, sifongo ipite kutoka mgongoni kuelekea nje, kikaushwe hapohapo na kurudi kwenye ala. Anayempa mwenzake kisu akiweke mezani, mwenzake akiokote. Na kikidondoka, kiachwe kianguke. Mikono huwahi kudaka kabla akili haijafika, hivyo ni vyema kujizoesha kurudi hatua nyuma, na kupika ukiwa umevaa viatu vilivyofunikwa mbele.

Pamoja na yote hayo ajali hutokea, na hapo kosa kubwa hufanywa baada ya damu kusimama. Jeraha lioshwe kwa maji safi yanayotiririka, pete zivuliwe kabla kidole hakijavimba, kitambaa safi kikandamizwe juu yake kwa dakika kumi za saa bila kufunuafunua, mkono ukiwa juu ya usawa wa moyo. Kitambaa kikilowa, kiongezwe kingine juu yake. Majivu, kahawa, mafuta ya taa na dawa ya meno havizuii damu, na daktari atalazimika kuvisafisha kabla ya kuona chochote. Damu ikiendelea kutoka baada ya hapo, au ikiruka kwa mapigo, ukandamizaji usiachwe hadi hospitali.

Jeraha la kisu huwa na midomo misafi na linaweza kuonekana dogo, hivyo ukubwa wake usitumike kulipimia. Kabla ya kulifunga na kulisahau, vipimo viwili vifanywe. Kwanza, kiungo cha katikati cha kidole kilichoumia kishikiliwe kikiwa kimenyooka, mwenye kidole ajaribu kukunja ncha pekee. Kisha vidole vingine vyote vishikiliwe vikiwa vimenyooka, ajaribu kukunja kile kimoja. Ncha au kiungo kikigoma, kano imekatika. Kikikunjika kwa maumivu makali au bila nguvu, huenda imekatika nusu, na kano ya namna hiyo inaweza kukatika yote siku chache baadaye. Pili, ncha ya kidole iguswe taratibu upande wa kushoto na upande wa kulia, macho yakiwa yamefumbwa, ikilinganishwa na kidole kizima. Upande uliokufa ganzi umepoteza neva yake.

Mwenye dalili yoyote kati ya hizo aende hospitali siku hiyohiyo, hata kama damu imekauka na maumivu yametulia, kwani kano iliyokatika huzidi kujivuta na kushonwa kwake huwa kugumu kadiri siku zinavyopita. Akifika aseme wazi ni kiungo gani hakikunjiki na ni upande gani hauhisi, asikubali kushonwa ngozi tu na kurudishwa nyumbani kabla vidole vyake havijapimwa, na aulizwe au ajieleze mwenyewe ni lini alichomwa chanjo ya pepopunda mara ya mwisho.